Kupaki pikipiki au gari ndani ya geti la nyumba ya kupanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu nyumba za kupanga za Dar es Salaam ambako familia kadhaa zinatumia uwanja mmoja, bomba moja na geti moja. Mengi yatafaa pia Morogoro, Tanga au Mwanza, ila tumepima kwa nyumba za hapa: ile ya Kiswahili yenye vyumba sita na korido katikati, na ile yenye ukuta wa tofali na geti la chuma mbele.

Dalali kasema "paking ipo". Je, hiyo inatosha?

Haitoshi. Anachomaanisha dalali mara nyingi ni kwamba aliona geti kubwa. Hajui kama wapangaji wanne waliotangulia wana pikipiki, hajui mwenye nyumba anarudi na gari lake saa ngapi, na akishachukua hela yake ya mwezi mmoja hutamwona tena. Ukishalipa kodi ya miezi sita ndipo unaambiwa kwamba uwanja ni wa kuanikia nguo.

Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize mwenye nyumba mwenyewe maswali matatu: chombo changu kitalala sehemu gani hasa, mwisho wa kuingia ni saa ngapi, na nani wengine wanapaki humu. Kisha nenda tena kuiangalia nyumba usiku, baada ya saa tatu, watu wakiwa wamesharudi. Uwanja ulioonekana mkubwa saa sita mchana unaweza kuwa na Bajaji moja, pikipiki mbili na matenki ya maji.

Niko ndani ya nyumba tayari, nimenunua pikipiki juzi. Niombeje?

Usianze kwa kuileta. Pikipiki ikishalala uwanjani usiku mmoja bila taarifa, ombi lako linageuka kesi, na mwenye nyumba atajibu kama mtu aliyedharauliwa. Nenda kabla, mchana, na uende ukiwa umeshapima sehemu. Kosa kubwa la wapangaji ni kuomba ruhusa tupu, "naomba kupaki ndani". Mwenye nyumba akisikia hivyo anawaza mafuta yanayochuruzika kwenye pevingi, kelele alfajiri na watoto kuungua. Ombi lenye sehemu na saa linamwondolea nusu ya hofu hizo.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

— Shikamoo mama.

— Marahaba mwanangu, hujambo?

— Sijambo mama. Nimekuja na ombi. Nimepata pikipiki ya kazi, naona nje haitalala salama. Nimepima pale ukutani, kati ya tenki na mti wa mwembe. Ikikaa pale haizibi bomba wala kamba za nguo. Nitaizima getini na kuisukuma kwa mkono. Kwa kawaida narudi saa nne usiku, Ijumaa na Jumamosi nachelewa mpaka saa tano na nusu. Naomba uniangalizie kama inawezekana, na kama kuna utaratibu wako niusikie.

Saa za kurudi zitaje kama zilivyo. Wapo wanaosema "saa mbili nakuwa nimerudi" ili wakubaliwe, na wiki ya pili wanagonga geti saa sita usiku. Sheria utakayokubali itajengwa juu ya saa ulizozitaja wewe. Ukidanganya, umejitungia sheria ya kukushinda.

Kama mwenye nyumba anakaa mbali, tuma meseji fupi kwanza ukiomba muda wa kumpigia, na tuma picha ya sehemu uliyopima. Baba mwenye nyumba aliyeko Mbeya hawezi kuamua juu ya uwanja asiouona.

Nipime vipi?

Chukua futi kamba, au hata kamba ya kawaida yenye mafundo. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda, mathalani Boxer au TVS, ina urefu wa takriban mita 2 na usukani wenye upana wa karibu sentimita 80. Ukiiegemeza kwenye stendi ya pembeni inalala na kula nafasi zaidi, kwa hiyo itengee mita 2.2 kwa mita 1. Mlango mdogo wa geti wenye sentimita 90 inapita, lakini unabaki na sentimita tano tu kila upande: saiti mira na vidole vyako vitagusa chuma. Pima uwazi wenyewe, kutoka fremu hadi fremu. Usipime ubao wa mlango.

Kwa gari pima zaidi ya gari. IST ina urefu wa mita 3.85 na upana wa mita 1.7 kabla ya kuhesabu saiti mira. Ongeza angalau sentimita 60 upande wa dereva ili mlango ufunguke na mtu atoke bila kujibana. Kisha kumbuka kitu ambacho wengi hukisahau: mabawa ya geti. Geti la mita 3 lenye mabawa mawili yanayofunguka kwa ndani linahitaji mita 1.5 tupu ya kuzungukia. Gari likisimama ndani ya hiyo mita na nusu, geti halifungi.

Tupeni mfano wa hesabu hiyo.

Chukua uwanja wenye upana wa mita 8, na mita 7 kutoka geti hadi baraza la nyumba. Geti la mita 3 liko upande wa kulia. Bomba liko pembe ya kushoto karibu na baraza, na mifuniko miwili ya chemba imefuatana kando ya ukuta wa kushoto. Kuna familia tano. Mpangaji mmoja ana IST, mwingine ana Boxer ya kazi na anatoka saa kumi na moja alfajiri.

IST inaingia moja kwa moja upande wa kulia. Mita 1.5 za geti ukijumlisha mita 3.85 za gari unapata 5.35, kwa hiyo mbele yake mpaka kwenye baraza inabaki mita 1.65. Mama aliyebeba ndoo kichwani anapita vizuri. Sasa tuseme mwenye IST anabadilisha gari na kuchukua Noah, yenye urefu wa takriban mita 4.6. Jumla inakuwa 6.1, na kinachobaki ni sentimita 90. Mtu anapita, lakini godoro, mgonjwa anayeshikiliwa au jeneza havipiti. Ndiyo maana ruhusa ya gari iandikwe kwa gari lenyewe na namba yake ya usajili. "Nimeruhusiwa kupaki" haina maana ya kwamba umeruhusiwa kupaki chochote.

Boxer isiwekwe nyuma ya gari, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri mwenye gari ataamshwa kila siku. Iwekwe kando ya ukuta wa mbele, kushoto kwa geti, mbali na chemba ya kwanza. Bawa la kushoto likifunguka nusu linatosha kuitoa, na gari halisogezwi. Katika uwanja wowote panga hivyo: anayetoka mapema zaidi akae karibu na geti, na asizibwe na mtu.

Kwa nini mwenye nyumba anakataza gari upande wa chemba? Mbona mfuniko ni wa zege?

Hapa msikilize bila kubisha. IST ina uzito wa takriban tani moja, na kila tairi linabeba kilo 250 hivi, za mbele zaidi kwa sababu ya injini. Mfuniko wa chemba uliomwagwa na fundi wa mtaani ni zege jembamba la sentimita tano au saba, mara nyingi likiwa na nondo chache au bila nondo kabisa. Umetengenezwa kubeba mtu anayepita. Unaweza kuvumilia gari mwezi mzima kisha ukapasuka siku moja, kwa sababu ufa ulianza siku ya kwanza upande wa chini, ambako huuoni.

Dalili zipo. Ukiukanyaga unacheza, au ukiugonga kwa kisigino unalia wazi kama debe, au kuna ufa mwembamba unaotoka pembeni kwenda katikati. Ukiona hata moja kati ya hizo, hata pikipiki isisimame juu yake.

Hatari kubwa kuliko chemba ni shimo la zamani. Nyumba nyingi za Dar zilikuwa na shimo la choo uani, likajaa, likafunikwa, kisha likachimbwa jingine. Mpangaji mpya hawezi kujua. Muulize mwenye nyumba waziwazi: "Mama, shimo la zamani lilikuwa wapi?" Kama naye alinunua nyumba ikiwa imejengwa, angalia ardhi baada ya mvua kubwa ya masika. Sehemu inayotitia kwa umbo la duara, pevingi zilizobonyea mahali pamoja, au maji yanayopotea ghafla kwenye ufa, ni za kukaa mbali nazo. Kutitia kwa shimo hakumalizi gari peke yake. Watoto wanachezea hapo hapo.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, haina geti. Naruhusiwa kulaza pikipiki kwenye korido?

Wengi wanafanya hivyo Manzese, Magomeni na Mwananyamala, kwa sababu nje pikipiki inaibwa. Kama uani kunafikika kwa kupitia korido, ipeleke uani. Korido iwe ya mwisho kabisa, na kwa masharti makali.

Korido yenye upana wa mita 1.5 ukitoa sentimita 80 za usukani inabaki sentimita 70. Hiyo ndiyo njia ya familia sita kutoka nje moto ukiwaka usiku, na pikipiki yenyewe ndiyo yenye petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautoki kwa juu. Unatambaa sakafuni mpaka unapokutana na jiko la mkaa au jiko la gesi la jirani aliyeamka kupika chai. Ndiyo sababu harufu ya petroli kwenye korido haitakiwi kuzoeleka hata kidogo.

Pikipiki za kabureta zina koki ya mafuta chini ya tanki. Kila ukizima usiku, izungushe ifunge. Koki ikiachwa wazi na sindano ya kabureta ikiwa imechakaa au ina uchafu, petroli hufurika na kudondoka kidogo kidogo kupitia mpira wa chini. Asubuhi utaona doa lililokauka na harufu kali. Ikitokea hivyo, pikipiki ilale nje mpaka fundi aishughulikie, hata kama ni kwa kumlipa mlinzi wa jirani siku mbili. Pia usiiwashe ndani ya korido, hata dakika moja ya kupasha injini moto. Moshi wake una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na vyumba vyote vinafungukia hapo. Isukume mpaka barazani ndipo uwashe.

Petroli ya akiba kwenye chupa au dumu haiingii ndani kwa hali yoyote. Hilo ni sharti ambalo tunamshauri mwenye nyumba asilegeze.

Pikipiki iegeshwe ikiangalia wapi?

Iingize ili ukuta uwe mkono wako wa kulia. Bomba la moshi liko upande wa kulia, na linabaki la moto kwa muda mrefu baada ya kuzima. Mtoto wa miaka mitatu anayekimbilia mpira anaungua mguu kwenye bomba ambalo baba wa chombo anadhani limeshapoa. Likielekea ukutani, tatizo limeisha.

Kisha tumia stendi ya kati. Stendi ya pembeni kwenye mchanga wa Dar inazama, hasa mvua ikinyesha usiku, na pikipiki inaanguka saa tisa juu ya ndoo za watu. Kama stendi ya kati imevunjika, weka kipande cha kigae kizito au ubao wa sentimita 15 kwa 15 chini ya stendi ya pembeni, na uuache palepale uwe alama ya sehemu yako.

Geti lina kizingiti kirefu. Naweza kujenga kitelezo?

Omba kwanza, na uonyeshe maji yatapita wapi. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji kitelezo cha sentimita 60 hadi 90 ili uweze kusukuma pikipiki yenye kilo zaidi ya mia moja bila kuiwasha. Watu wanamwaga zege, linakauka vizuri, halafu masika inafika: kitelezo cha nje kimeziba mfereji, maji ya barabara yanapanda nacho na kuingia uwanjani. Ubao mzito wa kuweka na kuondoa unatosha kwa pikipiki, na haumgombanishi mtu. Ukijenga cha kudumu, laza bomba la plastiki la inchi nne chini yake kufuata mfereji, na mkubaliane kwa maandishi kwamba gharama ni yako na hutaidai ukihama.

Sheria gani ni ya kawaida, na ipi nikatae?

Kuzima injini getini usiku na kusukuma ndani ni kawaida. Kutoosha chombo uwanjani ni kawaida pia, hasa pale mita ya maji ni moja na bili inagawanywa kwa vichwa. Mwenye gari anaosha kwa maji yanayolipwa na mjane wa chumba cha mwisho. Kutomwaga oili na kutofanya matengenezo makubwa uwanjani, kutokaribisha chombo cha mgeni kulala bila taarifa, kufunga geti kila unapopita: haya yakubali bila mjadala.

Sheria ya kuzungumzia kabla ya kukubali ni ya saa. Ukiambiwa geti linafungwa saa nne na wewe unaendesha bodaboda, usiseme "sawa mama" ukitumaini mambo yatajipa. Sema palepale kwamba kazi yako inaisha saa tano na nusu, na upendekeze njia: upewe ufunguo wako wa mlango mdogo, uingie bila kumwamsha mtu, na ukiupoteza ununue kufuli jipya na kuchonga funguo za wapangaji wote. Mwenye nyumba akikataa kabisa, bora ujue sasa utafute sehemu ya kulipia usiku karibu na kijiwe chako.

Sheria ya kukataa ni ile isiyo na mwisho, kama "utatoa chombo wakati wowote nitakapotaka". Iombee muda. Siku saba za taarifa ni ombi la haki, isipokuwa pakiwa na dharura kama kunyonywa kwa shimo au ujenzi, ambapo unaondoa siku hiyohiyo na kurudi kazi ikiisha.

Nikitozwa hela ya paking, ni sahihi?

Ni jambo la makubaliano. Wengine huijumuisha kwenye kodi, wengine hutoza kwa mwezi. Kabla ya kukubali uliza hela hiyo inanunua nini. Kama kuna mlinzi wa usiku, taa, au sehemu iliyoezekwa, inaeleweka. Kama ni sehemu tupu, basi angalau iwe sehemu yako peke yako, asiwekwe mwingine. Lipa kwa simu au upewe risiti iliyoandikwa "paking", tofauti na kodi, ili siku ukiuza chombo uache kulipa bila kuambiwa umepunguza kodi.

Ikiibwa ndani ya geti, nani analipa?

Kama hamkuandika, mtagombana. Mwenye nyumba aliyekupa sehemu kwa hisani hajachukua kazi ya ulinzi, na wengi wataliandika hilo wazi. Kubali, lakini tenganisha mambo mawili: wizi wa mtu wa nje ni hasara yako, na uharibifu uliofanywa na mpangaji mwenzako au na gari la mwenye nyumba ni wa aliyeufanya.

Bima ndogo haitakusaidia hapa, maana inalipa madhara uliyowasababishia wengine. Anayetaka kufidiwa chombo chake kikiibwa anahitaji bima kubwa, na ajaze ukweli kwenye fomu kuhusu mahali chombo kinapolala. Kama pikipiki ni ya mkataba, mpe bosi nakala ya makubaliano ya paking. Swali lake la kwanza siku ya wizi litakuwa "ililala wapi?"

Kwa ulinzi wenyewe, funga kwa mnyororo kwenye kitu kisichong'oka. Usitoboe ukuta bila ruhusa. Ndoo ya lita 20 iliyojazwa zege na kuchomekwa kipande cha nondo kilichokunjwa kama pete ina uzito wa karibu kilo 50. Haizuii wezi wawili wenye nguvu, lakini hawatoki nayo kimya. Wizi ukitokea, usiguse kufuli lililokatwa, mwite mjumbe aone, kisha nenda kituoni mkapewe RB siku hiyohiyo.

Makubaliano yaandikwe vipi?

Ukurasa mmoja, nakala mbili, kila mmoja abaki na yake. Ubandikwe nyuma ya mkataba wa upangaji. Mfano:

"NYONGEZA YA MKATABA WA UPANGAJI

Mimi mwenye nyumba namruhusu mpangaji wa chumba namba 4 kupaki pikipiki moja, aina ya Boxer, namba MC ______, ndani ya uwanja, kando ya ukuta wa mbele kushoto kwa geti, eneo la mita 2.2 kwa mita 1.

Mpangaji atazima injini getini kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi na kuisukuma. Mwisho wa kuingia ni saa sita kasoro robo usiku, kwa ufunguo wake. Hataosha, hatamwaga oili wala kuhifadhi petroli uwanjani. Mafuta yakivuja atasafisha na kutengeneza chombo ndani ya siku tatu.

Mwenye nyumba hatoi ulinzi. Uharibifu utalipwa na aliyeusababisha.

Ruhusa hii ni ya chombo hiki tu. Kubadilisha chombo au sehemu kunahitaji makubaliano mapya. Upande wowote unaweza kusitisha kwa taarifa ya siku saba.

Ada: Sh ______ kwa mwezi / hakuna."

Wekeni tarehe, sahihi zenu na sahihi ya shahidi mmoja. Shahidi anayefaa ni mpangaji mwenzako wa muda mrefu au mjumbe, mtu anayejua uwanja. Saa zieleze kwa kuandika "usiku" au "alfajiri", kwa sababu "saa 11" tupu imeshawahi kusomwa kwa namna mbili na watu wawili, kila mmoja akiwa na uhakika.

Mwenye nyumba amekubali lakini wapangaji wenzangu wamenuna.

Wana sababu mara nyingi. Uwanja ulikuwa wao pia. Waonyeshe sehemu kabla ya siku ya kwanza, na usogeze mwenyewe kamba ya nguo kama imebidi, kwa gharama yako, mahali penye jua lilelile. Mama akirudi na kukuta kanga zake zinanuka moshi, makubaliano yako na mwenye nyumba hayatamtuliza.

Kwa mwenye gari kuna uamuzi mmoja wa kufanya na majirani. Ukiingia kwa rivasi usiku, asubuhi unatoka kwa mbele ukiwaona watoto wa shule wanaokatiza. Lakini bomba la moshi litaelekea madirishani. Sisi tunachagua rivasi usiku, kwa sharti kwamba asubuhi ukiwasha unaondoka, husubiri injini ichemke dakika kumi huku ukitafuta funguo. Na mtu mmoja asimame nyuma ya gari wakati wa kurudi, kwa sababu mtoto aliyechuchumaa nyuma ya bampa haonekani kwenye kioo chochote.

Nimevunja sheria mara moja, nimeingia saa saba usiku. Nifanyeje?

Nenda asubuhi kabla hujaitwa. Sema saa uliyoingia, sababu, na kama umemwamsha mtu mwombe radhi na yeye. Kama unajua itatokea tena, mathalani mwisho wa mwaka abiria wanapokuwa wengi, omba siku hizo zibadilishwe kwenye karatasi: futeni saa ya zamani kwa mstari mmoja, andikeni mpya pembeni, na wote wawili msaini hapo pembeni kwenye nakala zote mbili.

Nahama. Sehemu naiachaje?

Ondoa ndoo ya zege, ubao na mnyororo. Doa la oili kwenye pevingi limwagie mchanga mkavu au majivu, liache usiku mzima linyonye, fagia, kisha sugua kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Doa la miezi mingi halitatoka lote, na hapo ni nafuu kugeuza zile pevingi tatu nne upande wa chini uje juu. Rudisha ufunguo mkononi mwa mwenye nyumba, na umwombe aandike "imerejeshwa" na tarehe kwenye nakala yako ya nyongeza kabla hamjamalizana hesabu ya kodi iliyobaki.